Tarehe ya marejesho imepita lakini Excel haipaki nyekundu hata mmoja, tatizo ni nini?

#1 binti_ipagala
Mbukwenyi wadau. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Dodoma. Nina shiti ina wadaiwa 186, safu ya D ndo tarehe ya mwisho ya kurejesha, kuanzia D2 mpaka D187. Nimeenda Conditional Formatting nikaweka fomula kwamba tarehe ikishapita seli ijipake nyekundu:

```
=$D2<TODAY()
```

Sasa leo tarehe 18 Juni 2025, kuna mtu alitakiwa amalize 28/03/2025 na bado mweupe peee. Wote weupe. Nimebadili Format Cells nikachagua Date, nikasevu, nikafunga nikafungua, wapi. Faili nilipewa na waliokuwa wanatutunzia hesabu, lilitolewa kwenye sistimu yao likaja Excel tayari. Kesho asubuhi kuna kikao na mwenyekiti anataka majina ya waliochelewa. Msaada tafadhali.

#2 Mzee wa Alizeti
Angalia wino binti, mara nyingi rangi nyekundu ndo inaisha kwanza. Mimi huku Singida printa yangu ilinisumbua hivyo hivyo miezi miwili kumbe ni katriji.

#3 Zabibu Kavu
Mzee wangu shikamoo, hajaprinti bado, anaongelea kwenye skrini 😂

#4 Kamanda Nzuguni
Rahisi sana hiyo. TODAY() haina saa, ndo maana inashindwa kulinganisha. Weka NOW() badala ya TODAY() itawaka sasa hivi. Nimefanya kazi na Excel miaka kumi.

#5 Kijana wa Kikuyu
Mi nasema angalia saa ya kompyuta yako kwanza pale chini kulia. TODAY() haijui leo ni lini, inaiuliza kompyuta. Ofisini kwetu kulikuwa na desktopu ya zamani betri ya ndani imekufa, umeme ukikatika inarudi mwaka 2011. Sasa kama kompyuta inaamini ni 2011 nani atakuwa amechelewa deni la 2025? Wote wanaonekana watu wema.

#6 binti_ipagala
@Kamanda nimeweka NOW() hakuna kilichobadilika. @Kijana saa yangu iko sawa, tarehe 18.

#7 Fundi Majedwali
Dada usiguse fomula kwanza, fomula yako haina kosa. Andika hizi mbili kwenye seli yoyote tupu pembeni halafu niambie majibu:

```
=COUNT(D2:D187)
=COUNTA(D2:D187)
```

Na unaziona tarehe zimeegemea kushoto au kulia ya seli?

#8 binti_ipagala
Ya kwanza imetoa 0, ya pili 186. Zimeegemea kushoto zote.

#9 Fundi Majedwali
Basi huna tarehe hata moja kwenye hiyo shiti, una maandishi yanayofanana na tarehe. COUNT inahesabu namba tu na tarehe kwa Excel ni namba: 1 Januari 1900 ni 1, wanaongeza moja kila siku, leo tumefika 45826. Ndo hiyo 45826 ambayo TODAY() inarudisha, ile sura ya 18/06/2025 ni nguo tu imevalishwa.

Sasa kwako D2 kuna herufi "28/03/2025" na upande wa pili kuna namba 45826. Excel ikikutana na maandishi upande mmoja na namba upande mwingine haijisumbui kusoma ndani yameandikwa nini, kwake maandishi siku zote ni makubwa kuliko namba yoyote. Jaribu kuandika `="a">999999` uone inakupa TRUE. Kwa hiyo "28/03/2025" haiwezi kuwa ndogo kuliko leo, haitakuwa ndogo kesho wala mwaka 2090, na Excel haitakupa ujumbe wa kosa kwa sababu kwa akili yake imeshajibu swali lako vizuri tu. Ndo maana pia NOW() haikusaidia kitu.

Na Format Cells kubadili kuwa Date haisaidii, unamvalisha nguo mtu ambaye hayupo.

#10 Zabibu Kavu
Kwa hiyo angegeuza alama akaandika `=$D2>=TODAY()` wote wangewaka?

#11 Fundi Majedwali
Wote 186. Hata ukiandika "nitalipa kesho" ndani ya seli itawaka.

#12 Zabibu Kavu
Hahaha "nitalipa kesho" ni kubwa kuliko namba yoyote. Hii Excel inawajua wadaiwa wa Dodoma.

#13 Kamanda Nzuguni
Sawa kama ni maandishi basi dawa ipo fupi. Chagua safu ya D yote, bonyeza Ctrl+H, kwenye Find what weka / na kwenye Replace with weka / hiyo hiyo, Replace All. Excel inalazimika kuandika upya kila seli na ikiandika upya inagundua kumbe ni tarehe. Sekunde tano. Hamna haja ya mihadhara.

#14 binti_ipagala
Kamanda ubarikiwe!!! Zimewaka nyekundu nyingi tu! Ngoja nianze kuwapigia simu kabla hawajalala.

#15 Fundi Majedwali
Dada subiri kwanza usimpigie mtu. Rudia ile COUNT unaniambia imesoma ngapi?

#16 Bwana Stoo
Wakati tunamsubiri naomba na mimi nichomekee changu, nina duka la pembejeo Kondoa natumia Google Sheets kwenye simu. Za kwangu zinawaka ila zinachelewa. Mteja ambaye alitakiwa alipe jana, nikifungua asubuhi saa moja bado mweupe, nikija kuangalia saa nne na nusu amekuwa mwekundu. Sijagusa kitu. Hii nayo ni maandishi?

#17 Kijana wa Kikuyu
Hiyo ni bando. Sheets isipopata mtandao haipigi hesabu upya.

#18 Kamanda Nzuguni
Hapana hiyo ni kwa sababu TODAY() inajihesabu upya pale unapofungua faili au ukibadilisha kitu. Aliacha limefunguliwa toka jana.

#19 binti_ipagala
Jamani nimeaibika. COUNT imetoa 71. Na nimeshampigia mzee mmoja wa Kibaigwa nikamwambia amepitiliza tangu tarehe 7 Mei, amefoka anasema mkataba wake unaisha tarehe 5 mwezi wa saba, na nimekuta karatasi yake kweli imeandikwa 05/07/2025. Mbaya zaidi yule wa 28/03 niliyeanzia naye mada BADO MWEUPE.

#20 Fundi Majedwali
Ndo nilichokuwa naogopa. Laptopu yako imesetiwa Kimarekani, ambako wanaanza mwezi halafu siku. Ctrl+H ilivyoilazimisha Excel isome upya, kila tarehe ambayo namba ya mbele haizidi 12 imeikubali lakini kichwa chini, 05/07 ya kwako ni tano Julai, yenyewe imesoma Mei 7. Na zile zenye 13 kwenda juu, kama 28/03, imetafuta mwezi wa ishirini na nane haikuuona, ikaziacha maandishi kama zilivyokuwa. Ndo maana una 71 zilizokubali na 115 zilizogoma.

Sasa hali yako ni mbaya kuliko ulivyoanza, maana mwanzo angalau ulijua kwamba haifanyi kazi. Kati ya hizo 71 kuna wanaosingiziwa kama mzee wa Kibaigwa, na kuna waliochelewa kweli wamefichwa: wa 09/06/2025 alitakiwa amalize siku tisa zilizopita lakini Excel inamngojea mpaka Septemba 6. Waliosalimika ni wa 6/6 na wenzao wa namna hiyo tu.

Nakala ya faili lilivyokuja unayo?

#21 Kamanda Nzuguni
Mbona kwangu Ctrl+H inafanya kazi siku zote.

#22 Fundi Majedwali
Kwa sababu kompyuta yako imesetiwa siku-mwezi-mwaka, mkuu. Dawa yako ni ya kweli, ila inategemea kompyuta ya nani.

#23 binti_ipagala
Nakala ya mwanzo ipo kwenye barua pepe.

#24 Fundi Majedwali
Mshukuru Mungu. Fungua hiyo, hii ya sasa achana nayo. Chagua D2 mpaka D187, nenda Data, halafu Text to Columns. Hatua ya kwanza acha Delimited bonyeza Next, ya pili ondoa tiki zote bonyeza Next, ya tatu ndo yenyewe: chagua Date na kwenye kikasha cha pembeni weka DMY, kisha Finish. DMY hapo unaiambia tarehe ZIMEANDIKWAJE, siyo unataka zionekaneje, watu wengi wanachanganya hapo. Kwa hiyo haijali laptopu ni ya Kimarekani. Zikikaa kulia na COUNT ikatoa 186 sawa na COUNTA, hapo ndo uongelee rangi.

Kwa atakayepita hapa baadaye akiwa ameshafanya Ctrl+H na nakala ya mwanzo hana, fomula ya kurudisha kwenye safu mpya ni hii. Zile zilizopinduliwa inazipindua tena, zilizobaki maandishi inazikata vipande:

```
=IF(ISNUMBER(D2),
 DATE(YEAR(D2),DAY(D2),MONTH(D2)),
 DATE(RIGHT(D2,4),MID(D2,4,2),LEFT(D2,2)))
```

Inakubali kama zote zilikuwa na tarakimu mbili mbili yaani 05/07/2025, siyo 5/7/2025. Na kama kuna ulizozichapa tena kwa mkono katikati ya hapo, hizo kagua moja moja, fomula haiwezi kujua.

#25 Mama Chamwino
Naomba kuuliza mimi nimeweka hiyo hiyo ndogo kuliko TODAY na imewaka vizuri ila hata mistari mitupu chini imekuwa myekundu mpaka chini kabisa, shiti inatisha kama machinjio.

#26 Zabibu Kavu
Mistari mitupu nayo inadaiwa mama.

#27 Fundi Majedwali
Seli tupu ikilinganishwa na namba inahesabika sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko 45826, kwa hiyo "imechelewa" tangu mwaka 1900. Weka hivi:

```
=AND(ISNUMBER($D2),$D2<TODAY())
```

Ila hiyo peke yake siipendi, maana ukiweka ISNUMBER maandishi nayo yanapita kimya kimya. Mimi huwa naongeza sheria ya pili ya `=ISTEXT($D2)` naipa rangi ya zambarau. Siku mtu akichapa "15.7.2025" au akaacha nafasi mbele ya tarehe, inapiga kelele siku hiyo hiyo.

#28 Mama Chamwino
Asante baba.

#29 Mwalimu Mpwapwa
Mbona mnajisumbua na fomula, pale pale Conditional Formatting kuna Highlight Cells Rules, halafu A Date Occurring. Mimi nimechagua Last 7 Days kwa vitabu vya maktaba na inafanya vizuri.

#30 Zabibu Kavu
Mwalimu, mwanafunzi akikaa na kitabu siku ya nane?

#31 Mwalimu Mpwapwa
Anarudi mweupe... Ngoja kwanza. Kumbe ndo maana walioshikilia tangu Machi siwaoni.

#32 Fundi Majedwali
Hahaha pole mwalimu. Ile imetengenezewa kuonyesha kipindi, haina chaguo la "yote yaliyopita". Ila ina uzuri mmoja, chaguo lake la Today linatupa saa kabla ya kulinganisha, kitu ambacho watu wakiandika fomula wenyewe wanasahau.

#33 binti_ipagala
COUNT 186, COUNTA 186!!! Wa 28/03 AMEWAKA. Mzee wa Kibaigwa mweupe. Nimempigia kumwomba radhi hapokei.

Sasa swali la mwisho nilale. Kuna shiti ya pili ya mikopo midogo ya siku 30, hiyo safu ya C ni muda alipochukua hela, imekuja na saa yake, na D nimeandika `=C2+30`. Nataka wanaotakiwa kulipa leo wawe njano. Nimeweka `=$D2=TODAY()`. Naona kabisa kwa macho kuna mmoja 18/06/2025, COUNT inasema zote ni namba, na njano haitokei. Nachanganyikiwa.

#34 Kamanda Nzuguni
Ongeza mabano ya dola.

#35 Kijana wa Kikuyu
Dola ipo Kamanda, soma.

#36 Fundi Majedwali
Huyo aliyeandikwa 18/06 alichukua lini na saa ngapi?

#37 binti_ipagala
C yake inaonyesha 19/05/2025 14:30, yaani saa nane na nusu mchana.

#38 Fundi Majedwali
Haya, siku 30 mbele ni 18/06/2025 saa nane na nusu mchana. Siku ni namba nzima, saa ni kipande baada ya nukta, 14:30 ukigawanya kwa 24 ni kama 0.604. Kwa hiyo D yake ni 45826.604 na TODAY() ni 45826 kavu, saa sita kamili usiku. Wewe huoni tofauti kwa sababu fomati ya seli inaonyesha tarehe tu, ila badili fomati ya D kuwa General utakiona hicho kipande. Alama ya sawa sawa inataka zilingane mpaka mwisho, na mkopo ungetolewa saa sita kamili usiku ndo ungewaka. Kikundi chenu hakitoi mikopo saa sita usiku nadhani.

Kata saa kabla ya kulinganisha:

```
=INT($D2)=TODAY()
```

Angalia na hii, ukiandika `<=TODAY()` ukidhani imeshika leo na nyuma, huyu wa leo haimshiki, maana 45826.604 ni kubwa kuliko 45826. Anawaka kesho. Mtu anaona rangi zinakuja, haoni kwamba zimechelewa siku moja.

#39 Kamanda Nzuguni
Sasa hapo NOW() yangu si ndo ingefaa? Ina saa, na D ina saa. Saa nane na nusu ikipita anawaka. Haki kabisa.

#40 Fundi Majedwali
Kwenye shiti hii ya pili una hoja. Kwenye ile ya kwanza siyo, tarehe kavu maana yake ni saa sita usiku, kwa hiyo `<NOW()` ingewapaka nyekundu watu wa leo tangu alfajiri kabla hata ya kupiga mswaki, wakati wana siku nzima ya kulipa. Inategemea mmekubaliana nini.

#41 Mama Chamwino
Mtu akichukua saa nane mchana anatakiwa arudishe saa nane mchana? Sijawahi kuona kikundi cha hivyo. Ni mpaka jua lizame.

#42 Mzee wa Alizeti
Na jua likizama kwa hesabu ya wazee ni siku nyingine imeanza, ndo maana tunasema usiku wa kuamkia Alhamisi. Sasa hivi saa tatu usiku, huyo wa leo kwangu ameshachelewa.

#43 Zabibu Kavu
Mzee ametoka kwenye wino amekuja na hoja.

#44 binti_ipagala
Katiba yetu imeandika "siku ya mwisho" basi, haisemi saa. Nitaweka INT kwa sasa, kesho nitalipeleka kikaoni.

#45 Bwana Stoo
Naona mmenisahau wa Kondoa.

#46 Fundi Majedwali
Samahani mkuu. Kwenye Sheets fungua kwa kompyuta, siyo simu, nenda File, Settings, uangalie Time zone imeandikwa nini.

#47 Bwana Stoo
Nimekopa laptopu ya jirani. Imeandikwa Pacific Time Los Angeles. Nani ameiweka huko?

#48 Fundi Majedwali
Huenda aliyekutengenezea hiyo shiti alikopi ya mtu wa huko. Sheets haiangalii saa ya simu yako, TODAY() inafuata saa ya faili. Msimu huu Los Angeles wako nyuma yetu masaa kumi, kwa hiyo siku yao inabadilika kwetu ikiwa saa nne asubuhi. Ukifungua saa moja, faili linaamini bado ni jana. Badili iwe saa ya Afrika Mashariki, na hapo hapo juu uangalie Locale, kama ni United States utakuja kukutana na yale yale ya mzee wa Kibaigwa.

#49 Kijana wa Kikuyu
Hapo sikubali asilimia mia. Mimi nina Sheets ya Los Angeles pia, nakumbuka Desemba ilikuwa inawaka saa tano siyo saa nne.

#50 Fundi Majedwali
Desemba wao wanarudisha saa nyuma, tofauti inakuwa masaa kumi na moja. Umenithibitishia.

#51 Kijana wa Kikuyu
Au ni bando.

#52 Bwana Stoo
Nimebadili zote mbili. Nitajua kesho saa moja. Ila kuna mstari mmoja, wa 63, umekataa kabisa, nimeufuta nafasi, nikaweka TRIM, bado umeegemea kushoto. Niliupesti kutoka kwenye ujumbe wa simu.

#53 Fundi Majedwali
Inawezekana ni nafasi ya aina nyingine, CHAR(160), TRIM haiigusi. Jaribu `=LEN(D63)`, ikizidi 10 kuna kitu kimejificha.

#54 Bwana Stoo
Imetoa 10.

#55 Fundi Majedwali
Mh.

#56 Kamanda Nzuguni
Ctrl+H mkuu.

#57 Mwalimu Mpwapwa
Huenda kuna O ya herufi badala ya sifuri. Wanafunzi wangu wananiandikia 2O25 kila siku.

#58 binti_ipagala
Waliochelewa ni 41. Mwenyekiti mwenyewe yupo, tangu Aprili.